Kwa Nini Redio ya Gari Hushika Simu ya Asiyeendesha

Redio ya gari yenye Bluetooth haijui nani ameshika usukani. Inachojua ni orodha ya simu zilizowahi kuoanishwa nayo. Simu inapooanishwa kwa mara ya kwanza, redio huhifadhi anwani yake pamoja na ufunguo wa siri ambao utaziwezesha kutambuana siku nyingine bila kuuliza namba. Redio nyingi huhifadhi simu 5 hivi, nyingine zaidi ya hapo. Gari linapowashwa, redio huzipigia hodi simu hizo moja baada ya nyingine, na ya kwanza kuitikia ndiyo inayounganishwa.

Kinachoamua ni simu ipi ianze kupigiwa hodi. Redio nyingi zimepangwa kuanza na ile iliyounganishwa mara ya mwisho. Gari likiwa la mtu mmoja, mpango huo hauna tatizo. Likiwa la familia, aliyeendesha jana ndiye anayetangulia leo, hata kama leo haendi popote.

Chukua nyumba ambayo gari huegeshwa uani, mita 6 kutoka dirisha la chumba cha kulala. Jumapili baba ndiye aliyeliendesha. Jumatatu alfajiri mama anatoka kwenda kazini, na simu ya baba iko kando ya kitanda. Mama anawasha gari, redio inaanza na simu ya baba. Bluetooth ya simu za kawaida hufika kama mita 10, na mawimbi yake hupenya kioo, mbao na hata ukuta, ingawa hupungua nguvu. Simu ya baba inaitikia, redio inaridhika, na simu ya mama iliyomo ndani ya mkoba garini haiulizwi kabisa. Baba akipigiwa dakika hiyo, mlio hutokea kwenye spika za gari. Akipokea, huenda yeye chumbani asisikie kitu kwa sababu sauti imekwenda uani. Mama akishatoka getini mawasiliano hukatika. Hapo baadhi ya redio huhamia kwa simu inayofuata, lakini nyingine huendelea kuitafuta ile iliyopotea kwa muda, na mama anasafiri bila muziki wala simu.

Kuna sababu ya pili. Redio haipigi hodi peke yake. Simu nazo huweza kuanzisha muunganisho, hasa Bluetooth yake inapowashwa tena. Muda wa kawaida wa kungoja jibu la simu moja katika Bluetooth ni sekunde 5.12. Ikiwa simu 4 zilizotangulia kwenye orodha hazipo karibu, redio inaweza kutumia sekunde 20 hivi kabla ya kufika kwa ya tano. Katika muda huo simu nyingine iliyo karibu inaweza kujipenyeza na kuchukua nafasi. Ndiyo maana tatizo huja siku moja na kutoweka siku inayofuata ingawa hakuna aliyegusa kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha orodha. Gari liwe limesimama, kwa maana redio nyingi hufunga sehemu ya mipangilio gari likiwa katika mwendo. Fungua orodha ya simu zilizooanishwa na ufute zile zisizotumika tena: simu iliyouzwa, ya mgeni, ya fundi. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika Japani huweza kuwa bado na simu za mwenyewe wa zamani. Ikiwa redio yake ingali katika Kijapani, mipangilio ni kitufe chenye maandishi `設定`, na neno la kipaumbele ni `優先`. Bluetooth yenyewe kwa kawaida huandikwa kwa herufi za Kilatini. Simu inayofutwa kwenye redio ifutwe pia upande wa simu, la sivyo simu itaendelea kutumia ufunguo wa zamani, na kuoanisha upya kutagoma.

Kabla ya kupanga, tazama majina. Baba na kijana wakiwa na simu za aina moja, orodha itaonyesha jina lile lile mara mbili, na ni rahisi kuipa kipaumbele simu isiyohusika. Badilisha jina la kila simu katika mipangilio ya simu yenyewe, kisha uioanishe upya endapo redio bado inaonyesha jina la awali.

Sasa weka kipaumbele. Katika redio nyingi za Hyundai na Kia, sehemu hiyo hupatikana ndani ya mipangilio ya Bluetooth kwa jina `Auto Connection Priority`. Kwingine huitwa `Priority Device`, `Preferred Device` au huonyeshwa kwa alama ya nyota kando ya jina la simu. Chagua simu ya yule anayeendesha siku nyingi zaidi katika juma. Redio isiyo na sehemu hiyo hufuata simu ya mwisho tu. Hapo dereva hana budi kuchagua simu yake kwenye orodha kila anapopokezana gari na mwenzake.

Kipaumbele kina mpaka wake. Kinaweka zamu ya kupiga hodi, hakitambui dereva. Katika nyumba ile, mama akiwekwa wa kwanza, Jumatatu yake itatulia. Lakini Jumamosi baba akitoka na gari huku mama yuko ndani na simu yake, redio itaishika simu ya mama. Baba atalazimika kuchagua simu yake kwenye skrini kabla ya kuondoka, au kuliwasha gari likiwa mbali na nyumba. Baadhi ya magari mapya huondoa usumbufu huu kwa kumpa kila dereva wasifu wake uliofungamanishwa na ufunguo wa gari.

Simu ya asiyeendesha nayo inaweza kutulizwa. Kwenye Android, gusa alama ya gia kando ya jina la gari katika orodha ya vifaa, kisha uzime `Phone calls` na `Media audio`. Simu itabaki kwenye orodha, lakini haitapeleka maongezi wala muziki garini mpaka viwashwe tena. Kwenye iPhone, kuzima Bluetooth katika `Control Center` hukata tu mpaka kesho yake. Saa 11 alfajiri huanza tena kujiunganisha, muda mfupi kabla watu wengi hawajatoka. Anayetaka izimike kweli aizime ndani ya `Settings`. Kijana anayepanda gari mara chache tu, ni bora achague `Forget This Device`, kisha aoanishe siku atakayohitaji.

Mwisho ni kujaribu, na hapa wengi hudanganyika. Kuzima gari na kuliwasha papo hapo hakutoshi, kwa kuwa redio nyingi hubaki hai mpaka mlango wa dereva ufunguliwe. Zima gari, fungua mlango, toka, funga kwa ufunguo na usubiri dakika chache. Simu zote za nyumbani ziwe zimewashwa, kila moja mahali inapokaa kwa kawaida. Kisha washa gari na utazame jina linalotokea kwenye skrini. Rudia siku ya pili, baada ya mtu mwingine kuendesha. Jina la simu ya kwanza likitokea mara zote mbili, kipaumbele kimeshika. Likitokea jingine, redio bado inafuata simu ya mwisho, au ile simu nyingine ndiyo inayojipeleka yenyewe. Zima Bluetooth yake, ujaribu tena, na sababu itajulikana.