Mwenzako wa kazi hukuandikia usiku? Mwekee mpaka bila kumkosea

UMEKULA, umeoga, uko kitandani, mara simu inalia: “Sema, ile oda ya Naivasha ilithibitishwa?” Aliyeandika si bosi wako. Ni mwenzako mnayekunywa chai ya saa nne pamoja, na hutaki mkosane. Ukinyamaza unajiona mwenye maringo. Ukijibu, usingizi umeenda. Sasa ufanyeje?

Kabla hujamkasirikia, jiulize anachotaka. Wengi wanaoandika usiku hawangoji jibu usiku huo. Watoto wamelala, nyumba imetulia, amekumbuka jambo na anaogopa kulisahau kufikia asubuhi. Kwake yeye, simu yako ni daftari tu.

Shida huanza pale unapojibu. Ukijibu saa nne na dakika 40 leo, na saa tano keshokutwa, umemfunza kwamba laini yako iko wazi. Hata ukiandika “niko kitandani, nitaangalia kesho”, bado umejibu. Ameona uko macho, na swali la pili liko njiani.

Ndiyo maana mpaka huu una sehemu mbili: neno unalomwambia mchana, na unachofanya usiku. Moja bila nyingine haifui dafu.

Tuchukue mfano. Wewe ni karani wa mauzo katika bohari ya bidhaa mjini Nakuru. Mwenzako anasimamia stoo, amekuzidi umri, unamwita dada. Mnafunga saa kumi na moja jioni, na lori la kwanza huondoka saa mbili asubuhi. Karibu kila usiku anakuandikia.

Kwanza, fungua gumzo lenu usome jumbe zake za wiki mbili zilizopita. Tuseme ni tisa. Saba zinauliza ikiwa oda fulani imethibitishwa. Moja ni ya bei. Moja tu ndiyo ya dharura: dereva alikuwa mgonjwa na hapakuwa na wa kuendesha lori kesho yake.

Hesabu hiyo inakuonyesha chanzo. Dada huyu hana nia ya kukusumbua. Anaenda nyumbani bila kujua ni oda zipi zitapakiwa asubuhi, na wewe ndiwe unayejua. Ukimpa orodha saa kumi na dakika 45, kabla hamjafunga, maswali saba kati ya tisa hayatakuwa na sababu ya kuja.

Sasa zungumza naye. Fanya hivyo uso kwa uso, wakati wa chai, mkiwa wawili. Usiandike kwenye kundi la kazi, maana hapo utakuwa umemwaibisha. Usiandike usiku pia, kwa sababu wakati huo hasira zako zitaonekana. Unaweza kumwambia hivi:

“Dada, naona maswali ya oda hukujia usiku. Kuanzia leo nitakuachia orodha kabla sijatoka. Simu mimi huiweka kando saa mbili usiku, kwa hivyo ukiniandikia baada ya hapo nitaona asubuhi saa moja. Lakini lori likikwama au dereva akikosekana, nipigie, nitashika.”

Hapo hukumlaumu. Umeanza na msaada, ukaeleza desturi yako mwenyewe, ukataja saa, kisha ukamwachia mlango wa dharura. Saa ni muhimu. Ukisema “usiniandikie usiku sana”, kwake usiku sana huenda ni saa sita. Dharura nayo itaje kwa jina, la sivyo kila kitu kitakuwa dharura.

Usitafute uongo wa kujikinga, eti betri huisha au huna bando. Siku atakapoona umeweka picha kwenye status saa tano usiku, neno lako litakuwa limeisha nguvu.

Baada ya mazungumzo, kazi inahamia kwenye simu. Ingia katika gumzo lake kwenye WhatsApp, uchague `Mute notifications`, kisha `Always`. Jumbe zake zitaingia kimya, lakini akipiga simu italia kama kawaida, sawa na mlivyokubaliana. Kama wewe huzima milio yote kwa `Do Not Disturb`, weka namba yake kati ya zile zinazoruhusiwa kupiga. Usipofanya hivyo, ile ahadi ya “nitashika” itakuwa hewa.

Ujumbe ukiingia, usiufungue. Ukiufungua, tiki zinageuka buluu na anajua umesoma. Zaidi ya hayo, swali la kazi likishaingia kichwani, huwezi kulitoa kwa kuzima taa.

Asubuhi saa moja, mjibu. Kila siku, bila kukosa. Vijana wengi huharibu mambo hapa: wanakaza usiku, halafu asubuhi wanachelewa kujibu. Mwenzako akiona asubuhi yako haitegemeki, atarudi usiku, na kusema kweli atakuwa na haki.

Wiki ya kwanza atasahau, maana mazoea yana tabu. Usimgombeze. Mjibu asubuhi kuhusu kazi yenyewe, basi. Akirudia mara ya tatu, mkumbushe kwa utani wenu wa kawaida: “Dada, ya jana nimeiona asubuhi hii. Kama ilikuwa ya haraka, nipigie tu.” Na akianza kupiga simu kwa mambo madogo, mwambie kwa upole siku inayofuata: “Ile ya jana ingengoja orodha, ama?”

Njia hii ina mipaka yake. Kama zamu yako ni ya usiku, au mkataba wako unasema utapatikana saa zozote, huna budi kujibu. Kama aandikaye ni meneja, muulize mchana ni mambo gani anataka yajibiwe usiku na yapi yangoje. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, kwa hivyo jumbe za kazi zisizokupa hata siku hiyo ni suala la kupeleka kwa mwajiri, si la kumalizana na mwenzako kwa chai.

Na kama jumbe zimeacha kazi, zimekuwa “umelala?”, “uko na nani?” au “nitumie picha”, huo upole hauhitajiki. Mwambie waziwazi akome, na usifute jumbe hizo, kwani ndizo ushahidi wako. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera iliyoandikwa kuhusu jambo hilo. Iulizie.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe. Ukikumbuka kitu saa nne usiku, usimtumie dada. Kiandike kwenye gumzo lako mwenyewe la WhatsApp, lile la kujitumia ujumbe, kisha umpelekee asubuhi. Kama ni barua pepe, Gmail ina `Schedule send`: andika usiku, ipange iondoke saa mbili asubuhi. Ukimwandikia usiku hata mara moja, yale makubaliano ya chai utakuwa umeyavunja wewe.