Tiki Tano, Asilimia 38

Mzee mwenye ujenzi alinipigia simu Jumamosi jioni. Salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida yake. "Mwanangu, karatasi uliyonitumia inasema stoo imefika asilimia 38. Mimi nimesimama mbele yake hapa, imeezekwa na imepigwa plasta. Nimwamini nani, wewe au macho yangu?"

Nilifungua Excel. Karatasi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila jengo lina mstari wake: nyumba kubwa, nyumba ya wageni, stoo. Juu, kuanzia safu ya B hadi I, kuna kazi nane kwa mpangilio wa ujenzi: msingi, kuta, lenta, paa, plasta, sakafu, dari, rangi. Kazi ikiisha, kisanduku chake kinatiwa tiki, yaani ile alama ya vema tuliyoizoea tangu shuleni. Safu ya J, mwisho wa mstari, inaonyesha asilimia. Mstari wa stoo, ambao ni wa nne, ulikuwa na tiki tano zinazoonekana waziwazi. Tano katika nane ni asilimia 62.5. Hiyo 38 ilitoka wapi?

Fomula iliyokuwa kwenye J4 ni hii:

```
=COUNTIF(B4:I4,"✓")/COLUMNS(B4:I4)
```

Inafanya mambo mawili tu. `COUNTIF` inapita kisanduku kwa kisanduku kutoka B4 hadi I4 na kuhesabu vile vyenye ✓. `COLUMNS` inahesabu visanduku vyenyewe, viwe vitupu au vimejaa, na hapa ni vinane. Ya kwanza inagawanywa kwa ya pili. Jibu linakuja kama 0.625, na ukibonyeza kitufe cha % linasomeka 63%. Ukiivuta fomula kwenda mistari ya chini, kila mstari unajihesabia tiki zake. (Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama utakavyozikuta Lubumbashi au Bujumbura, itataka `NB.SI` badala ya `COUNTIF`, `COLONNES` badala ya `COLUMNS`, na nukta-mkato mahali pa mkato.)

Kwa hiyo hesabu ilikuwa sawa, ila kompyuta iliona tiki tatu mahali nilipoona tano. Nikabofya kisanduku cha paa na kutazama ule upau wa juu unaoonyesha kilichomo hasa. Hapakuwa na ✓. Palikuwa na √, alama ya kipeuo cha pili, ambayo wengi wetu tumeizoea kuitumia kama tiki kwenye fomu na mitihani kwa sababu inapatikana kwa urahisi. Cha plasta ndicho kilichonishangaza zaidi. Kwenye karatasi ilikuwa tiki nzuri kabisa, lakini upau wa juu ulionyesha herufi ü. Aliyejaza alikuwa ametumia mwandiko wa Wingdings, ambao huichora ü kama tiki. Jicho linaona mchoro, lakini `COUNTIF` inasoma herufi iliyo chini yake. Hata ✓ na ✔ kwake ni alama mbili tofauti, na ✓ iliyofuatwa na nafasi tupu haifanani na ✓ iliyo peke yake. Tatu katika nane ni 37.5, na hiyo ndiyo 38 iliyomkera mzee.

Kuzirekebisha zile mbili kulichukua dakika moja. Kilichonisumbua ni kwamba karatasi haikuonyesha dalili yoyote ya kosa: hakuna neno jekundu, hakuna onyo, ila namba iliyokaa pale kwa utulivu. Mzee asingesimama mbele ya stoo siku ile, ningeendelea kuituma. Ndipo nikafanya jambo ambalo sasa nalifanya kwenye kila karatasi ya aina hii: nikabofya Data, kisha Data Validation, nikachagua List na kuandika alama zinazoruhusiwa pekee. Anayejaza anachagua kwenye orodha, na akijaribu kuandika kitu kingine kinakataliwa. Lakini anayebandika alama aliyoinakili kwingine anaupita mlango huo bila kuzuiwa, kwa hiyo kwenye safu ya K nikaweka mlinzi wa pili:

```
=COUNTA(B4:I4)-COUNTIF(B4:I4,"✓")
```

`COUNTA` inahesabu visanduku vyote vyenye chochote. Ukiondoa tiki halali, inapaswa kubaki sifuri. Ikibaki 1 au 2, kuna alama ngeni mahali fulani kwenye mstari huo. Stoo siku ile ingeonyesha 2.

Hiyo `COUNTA` ni nzuri kwa ulinzi, ila usiiweke chini ya mstari wa kugawanya. Nimeona karatasi za namna hiyo zaidi ya moja. Tiki tano kugawanya kwa visanduku vitano vilivyojazwa ni asilimia 100, na jengo linaonekana limekwisha wakati halina hata sakafu. Kisanduku kitupu ndicho kazi iliyobaki, nacho `COUNTA` inakiruka. Mambo hubadilika ukitumia vile visanduku vya kubofya vya Google Sheets. Huko kisanduku kisichobofywa kina neno `FALSE` ndani yake, kwa hiyo nacho kinahesabiwa, na kilichobofywa unakitafuta kwa `TRUE` badala ya ✓.

Nilipomtumia mzee 63%, alinyamaza kidogo. "Stoo haina dari, mwanangu. Sikukusudia kuiwekea dari." Alikuwa sahihi. Kwa hesabu yangu stoo isingefika 100 hata ikakaliwa miaka kumi, kwa sababu kazi isiyokuwepo ilikuwa inadaiwa. Tukakubaliana kuandika H, yaani haihusiki, kwenye kisanduku cha namna hiyo, na kukitoa kwenye idadi ya kugawanyia:

```
=COUNTIF(B4:I4,"✓")/(COLUMNS(B4:I4)-COUNTIF(B4:I4,"H"))
```

Sasa ni tano katika saba, asilimia 71. Ilibidi H iongezwe kwenye orodha ya alama zinazoruhusiwa, na mlinzi wa safu ya K naye aitoe kama anavyotoa tiki.

Bado fundi mkuu hakuridhika, na hoja yake ilikuwa na uzito. Tiki ya msingi na tiki ya rangi kwenye karatasi ni sawa, lakini msingi ni wiki za kuchimba na kumwaga zege, na rangi ya stoo ni kazi ya siku mbili. Tukakaa naye tukapanga uzito wa kila kazi kwa makadirio yake mwenyewe, tukauandika mstari wa 10: msingi 20, kuta 25, lenta 5, paa 20, plasta 12, sakafu 8, dari 6, rangi 4. Jumla 100. Safu ya L ikapata fomula hii:

```
=SUMPRODUCT((B4:I4="✓")*$B$10:$I$10)
 /SUMPRODUCT((B4:I4<>"H")*$B$10:$I$10)
```

Juu inajumlisha uzito wa kazi zenye tiki, chini uzito wa kazi zote zisizo na H. Zile alama za dola zinauzuia mstari wa 10 usihame unapoivuta fomula kwenda chini. Kwa stoo ni 82 kugawanya kwa 94, asilimia 87.

Fundi alitaka 87 ndiyo ipelekwe, kwa kuwa malipo yake yanafuata kazi aliyokwisha kuifanya. Mzee alitaka 71, kwa kuwa anahesabu siku ngapi tena atakutana na mafundi uwanjani kwake. Nimeziacha zote mbili, kila moja na kichwa chake: J inasema "kazi zilizokwisha", L inasema "uzito wa kazi zilizokwisha". Jumatatu sakafu ya stoo ilimwagwa, nikatia tiki kwenye G4. J ikawa 86, L ikawa 96, na K ikabaki sifuri.