Sahihi Mpya, Mdhamini wa Zamani

Tarehe 18 Januari 2012, wateja wa Comcast, kampuni ya intaneti ya Marekani, walishindwa kuifungua tovuti ya NASA. Siku hiyo Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa imejifunga kupinga muswada wa SOPA, basi watu wakaishuku Comcast kuwa imeizuia NASA makusudi. Wengi waliotumia kampuni nyingine walikuwa wakiingia bila taabu, na hilo likazidisha shaka.

Kumbe Comcast ilikuwa imeanza kukagua sahihi za DNSSEC, na wengi hawakuzikagua.

Mwenye kikoa anayetumia DNSSEC hutengeneza jozi ya funguo. Kwa ufunguo wa siri hutia sahihi majibu yote ya kikoa chake. Ule wa umma huuweka hadharani ili watu wahakikishe sahihi hizo. Lakini hata tapeli anaweza kutengeneza ufunguo. Ndiyo maana anatakiwa mdhamini, naye ni kikoa cha juu, kama `.gov` au `.com`. Huko huwekwa rekodi ya DS, yaani alama fupi iliyokokotolewa kutoka kwenye ufunguo wa umma. Kwa `.com`, mwenye kikoa huifikisha kupitia msajili wake, mara nyingi kwa kuinakili na kuibandika kwenye fomu. Herufi moja ikikosewa, alama si ya ufunguo ule tena.

NASA haikukosea herufi. Ilibadilisha ufunguo mkuu, ikatia sahihi kwa ule mpya peke yake, ilhali DS iliyokuwa `.gov` bado ilimdhamini wa zamani. Seva inayokagua haiwezi kujua kama huo ni uzembe au udanganyifu, kwa hiyo hukataa vyote: tovuti haifunguki, na barua pepe hazifiki. Ajabu ni kwamba kikoa kisicho na DS kabisa kingeendelea kufunguka kama kawaida.

Ukitaka kujua kama tatizo ni hilo, iulize seva inayokagua mara mbili:

```
dig example.com
dig +cd example.com
```

Swali la pili linaiambia isikague. La kwanza likirudisha `SERVFAIL` na la pili likaleta anwani, sahihi ndizo zenye kasoro. Hapo linganisha DS ya juu na ufunguo uliopo.

Kuirekebisha DS kwa msajili hakuponyi papo hapo, kwa sababu seva huikumbuka ya zamani. Kwa `.com` inaweza kukaa hadi saa 24. Dawa ya haraka, kama ufunguo wa zamani bado unao, ni kuurudisha kazini.

NASA ingetia sahihi kwa funguo zote mbili, ikabadilisha DS, ikasubiri ile ya zamani isahaulike kila mahali, ndipo ikauondoa ufunguo wa kwanza.