Nyongeza kidogo kila mwaka au kubwa mara moja?

Tuchukue mhasibu wa Dar es Salaam anayelipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwajiri anampa njia mbili: aongezwe asilimia 15 sasa hivi na mshahara ubaki hapo kwa miaka 5, au aongezwe asilimia 5 sasa na asilimia 5 nyingine kila mwaka.

Njia ya kwanza ni 1,150,000 kila mwezi, na kwa miaka 5 inafika shilingi 69,000,000. Ya pili inaanza na 1,050,000. Mwaka wa pili ile asilimia 5 inapigwa juu ya mshahara uliokwisha kuongezwa, kwa hiyo unakuwa 1,102,500. Wa tatu unafika 1,157,625, ukiipita njia ya kwanza kwa mara ya kwanza, na wa tano 1,276,281. Jumla yake ni takriban shilingi 69,623,000.

Tofauti hiyo ya 623,000 yote imetokana na nyongeza kupata nyongeza yake. Kama kila mwaka angeongezwa 50,000 tu, yaani asilimia 5 ya mshahara wa mwanzo, jumla ingekuwa 69,000,000 kamili, sawasawa na njia ya kwanza.

Lakini faida hiyo huchelewa. Mwisho wa mwaka wa pili aliyechagua nyongeza ndogo yuko nyuma kwa 1,770,000. Kuanzia hapo anafidia polepole, na anakuja kumpita mwenzake mwezi wa 8 wa mwaka wa tano. Akiacha kazi kabla ya hapo, au mwajiri akiruka nyongeza ya mwaka mmoja, amepata hasara. Isitoshe, aliyechukua asilimia 15 akiweka ile ziada ya miaka 2 ya mwanzo mahali panapozaa asilimia 10 kwa mwaka, pengo la mwishoni linafutika.

Kwa hiyo anayetarajia kuhama baada ya miaka 2 au 3 achukue kubwa. Anayekusudia kukaa atazame mwaka wa sita: ataingia kwenye mazungumzo mapya na mshahara unaozidi wa mwenzake kwa shilingi 126,000 kila mwezi, na michango yake ya hifadhi ya jamii inakatwa kwenye kiwango hicho.

Kabla ya kusaini, mkataba useme wazi kwamba asilimia 5 ni ya mshahara wa wakati huo, wala si wa mwanzo. Ukweli utaonekana kwenye hati ya mshahara ya mwaka wa pili: ikisoma 1,102,500, hesabu inakwenda vizuri, ikisoma 1,100,000, aende kwa ofisa utumishi na mkataba mkononi.