Gudwili: Mali Isiyoshikika Inayopimwa Kila Mwaka

Gudwili ni sehemu ya bei ambayo kampuni hulipa inaponunua biashara nyingine, zaidi ya thamani ya mali zote za biashara hiyo zinazoweza kutambuliwa moja moja, baada ya kutoa madeni yake. Ziada hiyo hulipiwa mambo kama mazoea ya wateja, ujuzi wa wafanyakazi waliozoeana, na faida inayotarajiwa kupatikana biashara mbili zikiunganishwa. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloweza kuuzwa peke yake.

Tuseme kampuni inanunua kiwanda cha maziwa kwa shilingi bilioni 10. Kabla ya kuandika chochote vitabuni, wathamini hupima kila mali kwa bei ya soko ya siku ya ununuzi. Ardhi, majengo na mitambo vinapata bilioni 5, magari na majokofu bilioni 2, fedha zinazodaiwa wateja bilioni 1. Jina la maziwa hayo, ambalo halikuwemo katika vitabu vya muuzaji kwa sababu alilijenga mwenyewe, nalo linathaminiwa kwa bilioni 1. Jumla ni bilioni 9. Madeni ya kiwanda ni bilioni 3, kwa hiyo inabaki bilioni 6. Mnunuzi amelipa bilioni 4 zaidi, na hiyo ndiyo gudwili. Biashara inayojijengea sifa yenyewe hairuhusiwi kuiandika vitabuni kama gudwili. Huandikwa tu ile iliyonunuliwa, kwa kuwa bei yake imethibitishwa na malipo.

Zamani gudwili ilipunguzwa kidogo kidogo kila mwaka, kama mtambo unaochakaa. Tangu mwaka 2004, viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyofuatwa na kampuni kubwa viliacha utaratibu huo, kwa hoja kwamba hakuna ajuaye sifa ya biashara itadumu miaka mingapi. Lakini mali isiyopunguzwa inaweza kukaa vitabuni milele hata kama kilicholipiwa kimeshatoweka. Ndiyo maana inalazimu kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi dalili mbaya zikionekana.

Kwa kuwa gudwili haiingizi fedha peke yake, hupimwa pamoja na kitengo cha biashara kinachofaidika nayo. Kwanza hukadiriwa fedha ambazo kitengo kitaingiza miaka ijayo, kisha hupunguzwa kwa kiwango cha riba ili kupata thamani yake ya leo. Pili huangaliwa kitengo kingeuzwa kwa kiasi gani, gharama za kuuza zikiondolewa. Kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili hulinganishwa na thamani ya vitabuni.

Baada ya miaka mitatu, kiwanda kile kimepoteza wateja wakubwa. Vitabuni bado kina bilioni 10: mali bilioni 6 na gudwili bilioni 4. Fedha zinazotarajiwa zina thamani ya leo ya bilioni 8.5, na kikiuzwa kingeleta bilioni 7.9. Inachukuliwa bilioni 8.5. Pengo la bilioni 1.5 huandikwa kuwa hasara ya mwaka huo, na gudwili hubaki bilioni 2.5. Kama pengo lingezidi bilioni 4, gudwili ingefutwa yote kwanza, ndipo mali nyingine zipunguzwe.

Hasara hiyo haitoi hata shilingi moja katika akaunti ya benki, kwani fedha zilishalipwa siku ya ununuzi. Wala hairudishwi biashara ikistawi tena, kwa sababu ustawi huo mpya huhesabiwa kuwa sifa iliyojengwa na kampuni yenyewe.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Muungano wa AOL na Time Warner ulitangazwa Januari 2000, hisa za kampuni za intaneti zikiwa juu sana, na kukamilika mwaka uliofuata. Bei za hisa hizo zilipoporomoka, kampuni ilitangaza kwa mwaka 2002 hasara ya karibu dola bilioni 99, sehemu kubwa ikiwa gudwili iliyofutwa.

Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba makadirio hufanywa na wakurugenzi walewale walioidhinisha ununuzi. Kukisia mauzo makubwa mno au kutumia riba ndogo mno kunatosha kuficha hasara kwa miaka. Vilevile, kitengo kilichonunuliwa kikiunganishwa na kingine chenye faida kubwa, faida hiyo hufunika udhaifu wake. Mwenye hisa asome maelezo yaliyo nyuma ya hesabu, ambako makadirio na riba iliyotumika hutajwa. Kama thamani ya hisa zote sokoni iko chini ya mtaji ulioandikwa vitabuni, na gudwili haijaguswa, ana haki ya kuuliza kwa nini.