Nyota Tatu Hazimaanishi Njia Imekatika

Kila pakiti inayosafiri kwenye intaneti hubeba namba ya ukomo, mara nyingi 64 au 128. Kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kuiarifu kompyuta iliyoituma kwamba muda wake umekwisha. Bila hivyo, pakiti iliyopotea njia ingezunguka milele.

Amri ya `ping`, aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983, hutuma ombi la mwangwi na kupima muda wa jibu kurudi. Jibu lisiporudi, haisemi limekwama wapi. Hapo `tracert` ya Windows hutumia ujanja mzuri kweli: hutuma ombi lile lile likiwa na ukomo wa 1, na ruta ya kwanza, kwa kulitupa, hujitaja yenyewe. Kisha 2, kisha 3, mpaka mashine ya mwisho iitikie. Kila hatua hujaribiwa mara tatu.

```
3   41 ms   40 ms   42 ms
4    *       *       *
5   44 ms   43 ms   45 ms
```

Wengi hapa huilaumu ruta ya 4. Lakini ya 5 imejibu, na maombi yake yamepitia hapo hapo kwenye ya 4! Ruta hiyo inapitisha pakiti vizuri. Pengine imezuiwa tu kutuma taarifa, au inazipunguza ikiwa na kazi nyingi. Shaka ianze nyota zinapoendelea hadi mstari wa mwisho. Hata hapo, jaribu kwanza kufungua tovuti yenyewe, maana seva nyingi hukataa maombi ya mwangwi huku zikihudumia wateja kama kawaida.