Je, Wajua? Lehemu huyeyuka mapema kuliko metali zinazoiunda

Bati huyeyuka kwa nyuzijoto 232 za Selsiasi, na risasi kwa 327. Lakini changanya bati asilimia 62 hivi kwa uzito na risasi 38: lehemu hiyo huyeyuka kwa nyuzijoto 183 tu, na huganda yote katika joto hilohilo. Hiyo ndiyo nukta ya yutektiki.

Sasa chukua lehemu yenye bati asilimia 40. Kwenye mchoro wa awamu, anzia juu penye 40 ushuke wima. Karibu na nyuzijoto 240 unavuka mstari wa kwanza, na punje zinaanza kuganda. Hizo ni za risasi yenye bati kidogo, kwa hiyo majimaji yanayobaki yanazidi kuwa na bati. Simama juu kidogo ya 183, upige mstari wa mlalo. Kushoto unagusa yabisi yenye bati asilimia 18, kulia majimaji yenye 62. Arobaini imeangukia katikati yao, basi karibu nusu imeshaganda na nusu bado ni majimaji: uji mzito. Ukishuka chini ya 183, majimaji hayo nayo huganda.

Mafundi bomba wa zamani waliupenda uji huo, kwani uliwapa muda wa kuufinyanga kwenye maungio. Fundi redio hautaki kabisa. Waya ukitikisika kabla uji haujaganda, kiungo hutoka kimefifia, kina chembechembe, na umeme hupita kwa kusuasua. Kwa kazi hiyo, nunua lehemu iliyoandikwa 63/37, iliyo karibu na nukta ya yutektiki.